Maswali na majibu: Jumanne inayojibiwa kama salamu

"Mwalimu, naomba orodha ya maswali 365 ya kuandika kwenye daftari langu, kila siku jipya." Mwanafunzi, Mwanga

Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Ombi hili naletewa kila mwezi, na kila mwezi nasema lile lile: swali usilolirudia halikuachii kitu cha kulinganisha. Chukua saba, moja kwa kila siku ya wiki. Kila moja litakurudia mara 52 kwa mwaka, na jibu la leo utalisoma kando ya lile la wiki iliyopita.

"Nilianza na maswali saba mwezi wa tatu. La Jumanne ni 'Najisikiaje leo?' Siku hizi naandika 'niko salama, namshukuru Mungu' halafu nafunga. Nibadilishe yote?" Muuza dagaa, Kibirizi

Usiyaguse yale sita, mama. Lililokufa ni moja. Kulipima ni rahisi: funika tarehe, usome Jumanne zako nne za mwisho. Ukishindwa kujua ipi ilitangulia, swali limekwisha kazi.

Limekufa kwa sababu linauliza hali, na hali sisi tunaijibu kama salamu. Mtu ataulizwa hujambo, atasema sijambo, na huku paa linavuja. Uliza kitu chenye jina, bei au mahali. Jaribu hili: "Leo ni hela gani imetoka mkononi ikaniuma?" Hapo huwezi kujibu "niko salama". Utaandika kwamba umelipa kibarua wa kuanika, kisha mvua ikalowesha dagaa wote kichanjani. Lipe swali jipya wiki 13 kabla ya kulihukumu, maana wiki mbili za kwanza kila swali huonekana tamu.

Kwako wewe lipo jambo la pili ambalo hukuniuliza. Biashara yako haifuati wiki, inafuata mwezi wa angani. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa sawasawa na mitumbwi hupumzika. Sasa Jumanne yako ikiangukia mbalamwezi, ile ya wiki mbili mbele itaangukia giza. Ukisoma daftari bila kulijua hilo, utamwona mwanamke anayefurahi wiki hii na kulaani mkosi wiki ile, na utadhani kasoro ni ya moyo wako. Pembeni ya kila jibu andika neno moja tu, "giza" au "mbalamwezi". Baada ya miezi mitatu soma za mbalamwezi peke yake. Manung'uniko yakiwa yamejaa humo na za giza ni shwari, tatizo lako ni akiba ya siku zile, si mkosi. Yakiwa yametapakaa kote, tafuta sababu nyingine, na uanzie nyumbani.

Usitegemee mbalamwezi ibaki pale pale kwenye wiki zako. Wiki nne ni siku 28, na mwezi huchukua kama 29 na nusu, kwa hiyo husogea polepole. Angalia juu, kisha andika.

"Shukrani niziandike kila siku?" Msomaji, Ujiji

Mara moja kwa wiki. Mwaka 2005 Sonja Lyubomirsky na wenzake waliandika kuhusu jaribio la wiki sita: waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki waliongezeka furaha, waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki hawakuongezeka. Zipe shukrani Ijumaa.

"Nitumie daftari gani, na nilipangeje?" Fundi cherehani, Kasulu

Kaunta buku la kurasa 192, lakini zihesabu mwenyewe kabla ya kulipa. Kila siku ya wiki ipe kurasa 26 zinazofuatana, uandike nusu ukurasa kila mara. Mwaka mzima unaenea, na zinabaki kurasa 10 za kuandika ulichokiona ukirudia kusoma. Anza na Jumamosi, kwani ndiyo mosi. Ukipanga hivi, Jumatatu zote zinakaa pamoja na hulazimiki kupekua.

Majina ya watu yaandike kwa alama. Mimi nililiacha la kwangu juu ya kabati, mgeni akalisoma kabla ya chai, na aliyoyakuta juu yake yalitugharimu kikao cha ukoo.

"Nikiruka Jumatano, Alhamisi nijibu mawili?" Msomaji, Kasulu

Hapana! Andika tarehe ya Jumatano, acha nafasi wazi, endelea na la Alhamisi. Jibu la kulipia deni huwa la kubuni. Ukiona Jumatano tano zote ziko wazi, huenda ndiyo siku yako ya gulio. Ipe swali la mstari mmoja: "Leo nimerudi nyumbani saa ngapi?"