Shankara na zile matha nne

"Wakuu, Shankara alianzisha mwenyewe zile matha nne, yaani nyumba za watawa wa Kihindu, au ni hadithi tu? Kila mtu ananijibu tofauti."

Habari mkuu. Anza na tarehe, mimi ndo zilinifungua macho. Shankara ni mwanafalsafa wa Kihindu wa karne ya 8 hivi, lakini vitabu vya maisha yake vinavyosema alizunguka India akaweka Sringeri kusini, Dwarka magharibi, Puri mashariki na Joshimath kaskazini vimeandikwa karne nyingi baadaye, na kwenye ufafanuzi alioandika mwenyewe wa kitabu cha kale cha Brahma Sutra hayo hayamo, yeye anabishana hoja tu.

Sasa chukua Sringeri. Ushahidi mzito ni maandishi ya jiwe ya 1346, mfalme Harihara wa dola ya Vijayanagara na ndugu zake wanampa ardhi Bharati Tirtha, mkuu wa matha hiyo, na wanafunzi wake, na ardhi ndo mpango mzima, maana inalisha watawa na inaipa matha nguvu ya kudumu.

Joshimath nayo kiti cha mkuu wa matha kilikaa wazi toka 1776 mpaka 1941, kwahiyo ukiambiwa mnyororo wa wakuu toka Shankara haujawahi kukatika uliza hapo kwanza. Kanchi, matha nyingine ya kusini, nao wanadai yao iliwekwa na Shankara, Sringeri wanakataa. Kwa maoni yangu mawazo ni ya Shankara kweli, ila taasisi zilijengwa na waliomfuata.