Lebo ya sindano ya ng'ombe: dozi kwa kilo na siku za kusubiri

Swali: "Jirani yangu mfugaji ameniletea chupa ya oksitetrasaiklini 20%, lebo yote ya Kiingereza, nimtafsirie kwa Kiswahili. Kuna mistari miwili inanisumbua: dozi ya mg kwa kilo, na ule wa muda baada ya dawa, nimeuandika 'kipindi cha kujiondoa'. Niko sawa?"

Mkuu, huo mstari wa pili ufute kabla hajausoma. Mimi niliwahi kuandika karibu hivyo hivyo, "muda wa kujitoa: siku 28", nikaona nimemaliza kazi. Mwenye ng'ombe akaelewa kuwa ng'ombe ndiye wa kutolewa. Akamtenga na wenzake siku 28 kwa uaminifu kabisa, na kila asubuhi akamkamua, maziwa yakanywewa nyumbani kama kawaida. Kosa lilikuwa langu, maana sentensi yangu haikuwa na mtu anayefanya kitu wala chakula kinachozuiliwa.

Siku hizi siandiki jina la muda huo, naandika katazo lenyewe: "Usinywe wala kuuza maziwa ya mnyama huyu mpaka zipite siku 7 tangu sindano ya mwisho. Usimchinje kwa ajili ya nyama mpaka zipite siku 28 tangu sindano ya mwisho." Hizo 7 na 28 ni za lebo niliyokuwa nayo, wewe andika za chupa iliyo mkononi mwako, kwa sababu dawa ya jina lile lile kutoka kwa mtengenezaji mwingine huweza kuwa na siku tofauti. Kuna lebo nyingine hazitoi siku za maziwa kabisa, zinasema isitumike kwa mnyama anayekamuliwa maziwa ya kunywewa na watu. Hapo usimtafutie mfugaji siku za kukisia.

Maneno "sindano ya mwisho" usiyaache. Ng'ombe akichomwa Jumatatu jioni, siku 7 zinatimia Jumatatu inayofuata jioni, kwa hiyo mimi humwambia mfugaji aanze kunywa maziwa ya Jumanne asubuhi. Mganga wa mifugo akirudia sindano Alhamisi, hesabu ya Jumatatu imekufa, tunaanza upya Alhamisi, ya maziwa na ya nyama. Ongeza pia kwamba kuchemsha hakuyasafishi maziwa hayo. Wengi huamini jiko linamaliza kila kitu. Wanaogandisha mtindi huligundua tatizo wenyewe: maziwa yenye dawa hugoma kuganda, kwa kuwa dawa inazuia hata vijidudu vya mtindi visikue. Ila yakiganda, usichukulie kuwa dawa imekwisha.

Sasa dozi. Asilimia 20 maana yake gramu 20 za dawa ndani ya ml 100, yaani mg 200 katika kila ml. Lebo ikisema mg 20 kwa kila kilo ya uzito, ng'ombe wa kilo 10 (angekuwepo) angehitaji mg 200, ambayo ni ml 1. Mfugaji anavuta ml kwenye bomba la sindano, havuti mg, kwa hiyo mstari wake uwe: "ml 1 kwa kila kilo 10 za uzito wa mnyama." Ule wa mg uache chini yake kwa ajili ya mganga. Na asilimia iandike kwa herufi kubwa kuliko jina la dawa, kwa sababu ipo pia ya 10%, na ml 1 ya hiyo ina nusu ya dawa. Aliyezoea chupa moja akihamia nyingine kwa mazoea ya ml, anakosea bila kujua.

Uzito nao usimwachie macho. Kama hana mizani, mpe kamba ya kupimia: mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, na urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Mzunguko mara mzunguko mara urefu, gawanya kwa 10,840, unapata kilo za kukadiria. Ng'ombe niliyempima alikuwa na mzunguko wa 150 na urefu wa 130: 150 × 150 × 130 ÷ 10,840, kama kilo 270. Dozi yake ml 27. Mwenyewe alikuwa amemkisia kilo 400, angemchoma ml 40.

Na hizo 27 hazikuingia pamoja. Lebo ile ilikataza kuzidisha ml 20 mahali pamoja, kwa maandishi madogo pembeni ambayo karibu niyaruke. Nikaandika: "Gawa mara mbili, ml 14 upande mmoja wa shingo na ml 13 upande wa pili, ndani kabisa ya msuli." Angalia kama yako ina mstari huo, kisha mpe jirani aisome kwa sauti na akuambie maziwa ya siku gani ndiyo ya kwanza kunywewa.