Kadi ya mezani si slaidi zilizobanwa

Swali: Mkufunzi, tulifundishwa Excel ofisini tukaachiwa slaidi 64. Bosi anataka ukurasa mmoja wa kukaa mezani. Nimechapa slaidi tisa kwa ukurasa, hazisomeki. Nipunguze zipi?

Jibu: Ndugu yangu, usipunguze hata moja. Lifunge faili la slaidi. Kila ofisi ninayoitwa nakuta imani hii hii, kwamba kadi ni slaidi zilizobanwa. Slaidi hufuata mpangilio wa menyu kwa sababu zilitengenezwa kumsaidia mkufunzi kueleza. Mtu aliye mezani haanzi na menyu, anaanza na kero: "Mbona namba ya simu imepoteza sifuri?" Kero hiyo, kwa maneno ya wenzako wenyewe, ndiyo iwe kichwa cha kipengele.

Kwa wiki moja andika kila swali wanaloulizana. Kazi ya kila siku iache, vidole vimeshaizoea. Ya mara moja kwa mwaka ibaki kwenye slaidi. Kadi ni ya mambo ya kila wiki au kila mwisho wa mwezi, yale ambayo mtu anayakumbuka nusunusu.

Tuchukue hiyo sifuri. Kwenye kadi inatosha hivi:

```
NAMBA YA SIMU IMEPOTEZA SIFURI
Kabla ya kuandika: chagua safu > Ctrl+1 > Text > OK
Imeshapotea (namba iko A2), andika kwenye safu ya pembeni:
=TEXT(A2,"0000000000")
Sawa ukiona: tarakimu 10, zimeegemea kushoto
```

Mstari wa mwisho ndio karibu kila mtu anausahau, na bila huo mtumiaji hajui kama amepatia. Sababu, yaani kwamba Excel huichukulia namba ya simu kama kiasi na hivyo kuitupa sifuri ya mbele, haina kazi kwenye kadi. Picha za skrini nazo ziache, labda kitufe kimoja kinachofichika. Maandishi yasishuke chini ya saizi 10. Yakigoma kuenea, toa kipengele, usipunguze herufi.

Wanaonichosha zaidi ni wauza kadi za "njia za mkato 100", zimeshawekewa plastiki kabisa. Nusu yake ni Ctrl+C na ndugu zake, ambazo hakuna aliyeziuliza. Nyingine zinadanganya: Ctrl+Shift+V hubandika thamani pekee, bila fomula, kwenye Excel za karibuni, lakini kwenye za zamani haifanyi hivyo, huko ni Ctrl+Alt+V, kisha V, kisha Enter. Aliyeichapa kadi hajui kompyuta yenu ina toleo gani, na karani akishindwa mara mbili haitazami tena.

Kwa hiyo jaribuni kila mstari kwenye kompyuta za ofisini kwenu. Mpe kadi mwenzako ambaye hakuhudhuria mafunzo, kaa kimya, uangalie kidole chake kinasita wapi; hapo ndipo pa kurekebisha. Andika toleo na tarehe kwenye kona, na plastiki isubiri mpaka kadi imetumika mwisho wa mwezi mmoja.