Mteja wa jumla akidai punguzo kubwa, piga hesabu ya faida kwanza

Mimi nashonesha mikoba na kuuza, rejareja na jumla. Kuna mwaka alikuja mteja akataka mikoba 300 kwa mpigo. Mia tatu jamani! Hapo nilikuwa nimezoea watu wa dazeni moja moja, kwahiyo aliposema “nipe bei ya kueleweka, mi nachukua mzigo” nikaona hapa nisibane sana nikakubali. Ngoja niwawekee hesabu yenyewe, nafanya bei ya rejareja ni 100 ili iwe rahisi kufuata.

Kitambaa, zipu, uzi na hela ya fundi inakuja 50. Wengi huwa tunaishia hapo kuhesabu, lakini bado kuna usafiri 3, mfuko wa kufungia na lebo 3, na yale yanayoharibika ukiyagawanya kwa kila mkoba inakuja kama 2 hivi. Kwahiyo mkoba umenigharimu 58. Jumla nauza 75, nabaki na 17. Yeye alitaka 65, maana yake nabaki na 7.

Ukisikia kutoka 75 kwenda 65 unaona ni kitu kidogo, kama asilimia 13 tu. Sawa, ila ile 10 haikutoka kwenye bei, imetoka kwenye 17 yangu, yaani nimempa zaidi ya nusu ya faida. Mikoba 300 mara 7 ni 2100. Sasa gawanya 2100 kwa 17 unapata kama 124, kwahiyo ningeuza mikoba 124 kwa bei yangu ya kawaida ningepata faida ileile, na mafundi wasingekesha wiki mbili. Siku hizi mtu akiniomba punguzo nafanya hiyo hesabu moja tu: faida yote ya oda kwa bei anayotaka, gawanya kwa faida yangu ya kawaida ya kipande kimoja, naona ni sawa na kuuza vipande vingapi bila punguzo.

Na hiyo 2100 yenyewe sikuiona. Alilipa nusu, nusu nyingine ikageuka mali kauli ya miezi miwili, halafu akarudisha mikoba 12 eti zipu mbovu na akakata 780 kwenye deni. Huku mtaji umelala kwake, mimi nakopa kitambaa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba akawa anauza 85 kwa wateja walewale ambao mimi nawauzia 100, wakaanza kuniuliza kwanini nawapiga.

Aliporudi mara ya pili akataka 65 tena. Sikukataa kwa ubishi, nikamwambia bosi 65 haipo, ila 71 ipo kama unalipa yote kabla ya kupakia, unakuja kuchukua mwenyewe, unakagua zipu hapahapa na ukishaondoka hakuna kurudisha, na unachukua rangi moja. Akiwa anachukua mwenyewe ile 3 ya usafiri inatoka. Nikipanga kwenye magunia badala ya mfuko mmoja mmoja naokoa 2. Rangi moja fundi anakata vitambaa vingi kwa pamoja, inapungua kama 1. Gharama inashuka kutoka 58 hadi 52, kwahiyo kwa 71 nabaki na 19, zaidi ya ile 17 ya bei ya 75! Yeye kapata punguzo na mimi sijatoa kitu mfukoni. Lakini hii inafanya kazi pale tu masharti yanapopunguza gharama kweli, ukimpa punguzo kwasababu kasema “nitarudi” hujaokoa chochote.

Kitu kingine nilichokosea ni mahali jumla inapoanzia. Nilikuwa naanza na 12, sasa angalia, 12 kwa 75 ni 900, na mikoba 9 kwa 100 ni 900 hiyohiyo, kwahiyo mtu yeyote anayetaka 10 au 11 anachukua 12 na analipa pungufu. Tena watu walikuwa wanachangishana wanne wanne wanakuja kama mteja wa jumla, siwalaumu maana hata mimi ningefanya hivyo. Nikapandisha ianzie 24. Hapo mpaka ufike mikoba 18 ndo unaona afadhali uchukue 24, na mteja wa rejareja wa mikoba 18 simjui.

Yule bwana alinuna, akasema ataenda kwa mwingine na kweli akaondoka. Baada ya kama wiki tatu akapiga simu akachukua 100 kwa 71, kalipa yote. Ila ya kwake sasa nashona bila mfuko wa ndani na bila lebo yangu, ili akiuza 85 asionekane anauza mkoba uleule ninaouza 100.