"Mama, nitumie kama kawaida"

Mchele ninaouza dukani Dar es Salaam unatoka Ubaruku, Mbarali, kwa mama mmoja ambaye nimefanya naye biashara miaka kumi na moja. Ananiita mwanangu, nami namwamkia shikamoo kama ninavyomwamkia mama mzazi. Karibu kila kitu tunaandikiana kwa simu, na kuandika huko ndiko kuliwahi kutugharimu.

Siku hiyo nilikuwa na wateja mlangoni, nikaandika haraka: "Shikamoo mama, naomba gunia 40 kama kawaida." Kichwani mwangu nilikuwa na mifuko ya kilo 50, kwa sababu mizigo miwili ya mwisho ilikuja hivyo. Yeye alikuwa anakumbuka miaka yote ya nyuma, tulipokuwa tunapakia magunia ya kilo 100. Fuso likashusha tani nne badala ya mbili. Kwa bei ya shilingi 2,100 kwa kilo, deni lilikuwa 8,400,000 wakati mimi nilikuwa nimejiandaa kwa 4,200,000, na stoo yangu haikuwa na pa kuweka hata nusu ya ziada. Kosa lilikuwa langu. Mkizoeana sana, kila mmoja anakuwa na "kawaida" yake, na hamgundui mpaka gari lifike.

Nikaamua kujirekebisha, nikapitiliza. Oda iliyofuata niliiandika kama barua ya serikali: "YAH: MAOMBI YA MCHELE. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Haikupita dakika tano akapiga simu. Hakuuliza mchele. Aliuliza, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nilikuwa sijui kwamba kwa mtu aliyekuzoea, urasmi wa ghafla unasomeka kama hasira.

Tangu hapo natuma jumbe mbili, moja nyuma ya nyingine, bila kusubiri jibu katikati. Zamani nilikuwa natuma "Shikamoo mama" peke yake, nangoja marahaba, nauliza za nyumbani, nangoja tena, na kwa vile yeye hushinda mashineni, oda yenyewe ilikuwa inafika jioni. Sasa ya kwanza ni yake yeye:

"Shikamoo mama. Poleni na mvua. Goti lako vipi, ile dawa ya kuchua imesaidia? Huku wazima, mjukuu wako ameanza kusimama dede. Mzigo wa Jumatatu nimeuandika hapa chini, ukipata nafasi utautazama."

Ya pili ni ya kazi, haina hata salamu:

"MZIGO WA JUMATATU
Supa mpya, gredi ya kwanza, usichanganywe na saro
Mifuko 40 ya kilo 50, jumla kilo 2,000
Bei 2,100 kwa kilo, jumla 4,200,000
Upakiwe kabla ya saa 10 jioni
Nusu nalipa leo, nusu mzigo ukifika"

Kwa nini nisiziunganishe? Kwa sababu mama hapakii mchele mwenyewe. Anaufowadi ujumbe kwa kijana wa mashine, kijana anaupeleka kwa dereva. Niliwahi kuandika pole ya mgonjwa wake na idadi ya mifuko katika ujumbe mmoja, na kabla ya jioni wapakiaji wote walijua nani kalazwa na anaumwa nini. Hakunisema, lakini nilijua.

Katika ule ujumbe wa kwanza swali moja linatosha, ila liwe la kweli. "Habari za huko, watoto, kazi, afya, majirani" ni orodha tu, naye atajibu "salama" na basi. Swali la goti linahitaji ukumbuke alichokuambia mara ya mwisho. Mimi naandika kwa penseli pembeni ya ukurasa wake katika daftari la madeni: "goti". Mke wangu anasema hiyo ni hila. Mimi naona hila ingekuwa kuuliza halafu nisisome jibu.

Kukiwa na msiba, ujumbe wa pili hauandikwi kabisa. Napiga simu, natuma rambirambi, na mchele nanunua kwa mwingine wiki hiyo, hata ukiwa ghali.

Nilidhani nimeshafuzu, mpaka asubuhi moja nilipomwandikia "Shikamoo mama" nikiwa sina shida yoyote, akajibu: "Marahaba. Mifuko mingapi?" Nilicheka, kisha nikapandisha juu mazungumzo yetu kuyakagua. Miezi mitatu hapakuwa na shikamoo yangu hata moja isiyofuatwa na oda.

Sasa Ijumaa moja moja naandika bila mzigo nyuma yake. Ya mwisho alinijibu kwa sauti, dakika nne nzima, habari za harusi ya binti wa jirani na kuku wake walioliwa na kicheche, na mwishoni kabisa, kama aliyekumbuka akiwa mlangoni: "Halafu mwanangu, kama unataka mzigo sema mapema, wiki ijayo mashine inafungwa matengenezo."