Kontena moja au magunia 90? Kahawa iliyolowa na fidia ya kampuni ya meli

*Wakili, tuko Moshi. Tulipeleka kontena la futi 20 la kahawa kutoka Tanga hadi Antwerp, magunia 320 ya kilo 60. Magunia 90 yamefika yamelowa, hayauziki kabisa, na kila moja lilikuwa la dola 300. Kampuni ya meli inasema kontena ni kifurushi kimoja, kwa hiyo haiwezi kulipa zaidi ya dola 900 hivi. Bili ya shehena inasema "kontena 1, lenye magunia 320 ya kahawa". Tukubali?*

Msikubali, na msisaini karatasi yoyote ya kupokea hizo 900.

Kiasi chenyewe kinaonyesha walikokitoa. Kanuni za Hague-Visby, zile za kimataifa za usafirishaji wa mizigo kwa meli, zinaweka ukomo wa SDR 666.67 kwa kifurushi, au SDR 2 kwa kila kilo ya mzigo ulioharibika, na kinachofuatwa ni kile kilicho kikubwa. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Thamani yake hubadilika kila siku, ila nikichukua dola 1.35 kwa ajili ya hesabu tu, 666.67 inakuja dola 900. Wamesoma nusu ya sentensi.

Hata kama kontena lingekuwa kifurushi kimoja, kilo zingewabana. Magunia 90 ni kilo 5,400, ambazo mara 2 ni SDR 10,800, yaani dola 14,580. Lakini nanyi hamko huko. Kanuni hizohizo zinasema kwamba vifurushi vilivyotajwa kwa idadi kwenye bili kuwa vimepakiwa ndani ya kontena ndivyo vinavyohesabiwa. Yenu imetaja 320. Kila gunia lina ukomo wake wa dola 900, nanyi mnadai 300 kwa gunia. Ukomo haugusi dai lenu, na hasara yote ya dola 27,000 inadaiwa.

Niliwahi kushika dai la msafirishaji wa hapa Arusha ambaye bili yake iliandikwa "kontena 1 la kahawa" basi, kwa kuwa wakala wake aliona idadi ya magunia iko kwenye ankara, inatosha. Haikutosha. Alibaki na hesabu ya kilo, na kahawa yake ilikuwa ghali kuliko SDR 2 kwa kilo. Wanaopakia kahawa kwa mfuko mmoja mkubwa unaojaza kontena zima wajue kwamba wako palepale, maana hakuna magunia ya kuhesabu.

Fungueni nyuma ya bili mthibitishe kanuni zinazotajwa. Zikiwa ni zile za Hague za 1924, hakuna hesabu ya kilo kabisa, na ukomo wa kifurushi ni pauni 100.

Lakini ukomo ni dari tu, hauthibitishi kosa. Kampuni ikishindwa kwenye hesabu itahamia kwenye chanzo cha maji: kahawa ilitoa jasho yenyewe, au mliipakia kabla haijakauka vizuri. Hapa mkaguzi wa Antwerp ndiye wa thamani. Ajaribu madoa ya magunia kwa silva naitreti. Yakigeuka meupe kama maziwa, kuna chumvi, na chumvi inaelekeza kwenye maji ya bahari na kontena lenye tundu au mpira wa mlango uliochoka. Yasipogeuka, huenda ni mvuke ulioganda kwenye dari la kontena na kudondoka, na hapo watawauliza kipimo cha unyevu siku ya kupakia na kama mlitandika karatasi ukutani. Tafuteni rekodi hizo leo.

Jasho nalo halimalizi dai. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Volcafe, kuhusu kahawa ya Kolombia iliyofika Ujerumani imelowa kwa jasho ndani ya makontena yasiyo na matundu ya hewa. Ilisema ni juu ya kampuni ya meli kuthibitisha kwamba ilitunza mzigo ipasavyo, si juu ya mwenye mzigo kuthibitisha uzembe. Tofauti na nyinyi ni kwamba pale makontena yalipakiwa kwa niaba ya kampuni ya meli. Kama mlipakia wenyewe Moshi, upakiaji wenu utachunguzwa.

Hukusema bili halisi iko kwa nani. Kama mliuza kwa masharti ya FOB, ambapo wajibu wenu unaishia mzigo ukipakiwa melini, na bili imeshafika kwa mnunuzi, kwa kawaida yeye ndiye mwenye haki ya kudai, nanyi mnampa ushahidi. Na msihesabu barua za malalamiko kuwa kesi. Muda ni mwaka mmoja tangu mzigo ukabidhiwe, na ndani yake lazima shauri liwe limefunguliwa au kampuni iwe imekubali kwa maandishi kuuongeza. Ombeni nyongeza hiyo sasa, wakati bado wanajibu barua pepe zenu.