Gawanya varianzi kabla ya kutafuta dawa ya mtawanyiko

Ukiwa mgeni katika kazi ya takwimu, siku moja utaletewa safu ya namba na swali fupi: mbona zinatawanyika hivi? Usikimbilie kukokotoa varianzi ya safu nzima ukaishia hapo. Uliza kwanza kama namba hizo zimetoka katika kundi moja au makundi kadhaa. Mtawanyiko una vyanzo viwili: vipimo vya kundi moja havilingani vyenyewe kwa vyenyewe, na makundi nayo yana wastani tofauti. Kila chanzo kina dawa yake, na kanuni ya varianzi ya jumla ndiyo inayoonyesha kila kimoja kinachangia kiasi gani.

Tuchukue seva inayopokea maombi ya aina mbili, ya kusoma data na ya kuandika. Muda wa kujibu, kwa milisekunde, umepimwa kwa maombi 10. Ya kusoma ni manane: 42, 46, 48, 50, 50, 52, 54, 58. Ya kuandika ni mawili: 74 na 86. (Kwa kazi halisi vipimo 10 ni vichache mno, hapa vinatosha ili uweze kufuatilia kila hatua kwa kalamu.)

Anza na kila kundi peke yake. Wastani wa kusoma ni 50. Toa 50 katika kila kipimo, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, kisha jumlisha: 64 + 16 + 4 + 0 + 0 + 4 + 16 + 64 = 168. Gawa kwa 8, varianzi ni 21. Wastani wa kuandika ni 80, tofauti ni −6 na 6, jumla ya miraba ni 72, na ukigawa kwa 2 unapata 36.

Sasa varianzi ya ndani ya makundi. Ni wastani wa hizo mbili, ila kila moja inabeba uzito wa kundi lake. Kusoma ni 0.8 ya maombi yote, kuandika ni 0.2. Kwa hiyo 0.8 × 21 + 0.2 × 36 = 16.8 + 7.2 = 24.

Varianzi ya baina ya makundi inahitaji wastani mkuu, nao pia hupatikana kwa uzito: 0.8 × 50 + 0.2 × 80 = 56. Kundi la kusoma liko 6 chini yake, la kuandika liko 24 juu yake. Hivyo 0.8 × 36 + 0.2 × 576 = 28.8 + 115.2 = 144.

Jumla ni 24 + 144 = 168. Hakiki kwa njia ndefu: chukua vipimo vyote 10, toa 56 katika kila kimoja, jumlisha miraba. Utapata 1680, na ukigawa kwa 10 ni 168 kamili. Kwa alama, kanuni huandikwa hivi, Y ikiwa kipimo, X ikiwa kundi, E ikiwa wastani wenye uzito, na Y|X ikiwa kipimo ndani ya kundi lake:

```
Var(Y) = E[Var(Y|X)] + Var(E[Y|X])
```

Kwa nini vinajumlika bila kubaki kitu? Tazama kipimo cha 42. Kiko 8 chini ya wastani wa kundi lake, na kundi lenyewe liko 6 chini ya wastani mkuu, jumla 14 chini. Mraba wa 14 ni 196, lakini 64 + 36 ni 100 tu. Zimepotea 96. Nenda sasa kwenye 58: kiko 8 juu ya wastani wa kundi, kundi liko 6 chini, kwa hiyo kimebaki 2 juu. Mraba wake ni 4, ilhali 64 + 36 ni 100 vilevile. Hapa zimezidi 96. Pungufu ya kipimo kimoja imefutwa na ziada ya kingine. Hili si bahati ya namba hizi. Ndani ya kundi lolote, tofauti kutoka kwenye wastani wa kundi hilo hujumlika kuwa sifuri, ndiyo maana ziada na pungufu za aina hiyo lazima zimalizane.

Wanaoanza hukosea zaidi kwenye uzito. Ukichukua wastani wa kawaida wa 21 na 36 utapata 28.5. Ukichukua 65 kuwa wastani mkuu, kila kundi litakuwa mbali kwa 15 na sehemu ya baina itakuwa 225. Jumla yake ni 253.5, mbali kabisa na 168. Hata hivyo 253.5 ina maana yake: ndiyo varianzi ambayo seva ingekuwa nayo kama nusu ya maombi yangekuwa ya kuandika. Kumbuka jambo hili unapolinganisha wiki mbili. Varianzi inaweza kupanda sana kwa sababu tu mchanganyiko wa maombi umebadilika, bila aina yoyote kuwa mbovu kuliko ilivyokuwa.

Kosa la pili hujificha kwenye programu. Kanuni hii hutimia sawasawa pale unapogawa kwa n. Ukigawa kwa n − 1, varianzi za makundi zinakuwa 24 na 72, sehemu ya ndani inakuwa 33.6, na ukiongeza 144 unapata 177.6, wakati varianzi ya safu nzima kwa n − 1 ni 186.67. Usidhani ni makadirio ya desimali. Katika NumPy, `var()` hugawa kwa n usipoielekeza vingine. Katika pandas, `var()` hugawa kwa n − 1 mpaka uandike `ddof=0`. Kwenye Excel tumia `VAR.P`, siyo `VAR.S`.

```python
import numpy as np
a = np.array([42, 46, 48, 50, 50, 52, 54, 58])
b = np.array([74, 86])
y = np.concatenate([a, b])
w = np.array([len(a), len(b)]) / len(y)
m = np.array([a.mean(), b.mean()])
v = np.array([a.var(), b.var()])
print((w * v).sum(), (w * (m - y.mean())**2).sum(), y.var())
```

Lazima utoke na 24, 144 na 168. Namba mbili za kwanza zisipojumlika kuwa ya tatu, rudi kwenye uzito au kwenye kigawanyo.

Katika mfano wetu, 144 kwa 168 ni karibu 86%. Kuhangaika kusawazisha maombi ya kusoma hakutaleta mengi. Kazi iko kwenye pengo kati ya kusoma na kuandika. Lakini usiiamini asilimia hiyo kabla ya kuhesabu makundi. Hata ukigawa vipimo kiholela, wastani wa makundi hautalingana, na sehemu ya baina itajitokeza yenyewe. Kwa vipimo N na makundi k, mgawanyo wa kiholela hutoa kwa wastani (k − 1)/(N − 1) ya varianzi yote. Kwetu ni 1/9, yaani 11%, kwa hiyo 86% iko juu sana. Vipimo hivyohivyo 10 ukivigawa makundi matano ya wawiliwawili, bahati pekee inatarajiwa kukupa 4/9, karibu 44%. Na kila kipimo kikiwa kundi lake chenyewe, sehemu ya ndani ni sifuri na ya baina ni 100%, hata kama lebo ulizotumia hazina maana yoyote.